Kufifisha bila Kuficha: Lugha ya Ukungu wa Alfajiri katika Maelezo ya Msitu

Utangulizi

Jina la Kibera limetokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu au mwitu. Wanajeshi wa Kinubi na jamaa zao walipopewa makao mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20, jina hilo lilieleza kile kilichoonekana kwa macho. Mwitu wenyewe umekwisha kutoweka, na mahali pake pamejaa paa za mabati. Hata hivyo, mkazi wa Soweto West, mojawapo ya vijiji vya Kibera, hahitaji kusafiri ili auone msitu. Upande wa magharibi ungalipo Msitu wa Barabara ya Ngong, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Msitu huo umepunguzwa mara kadhaa tangu wakati huo na kukatwa na barabara, lakini ungali na mikalitusi iliyopandwa na miti ya asili kama vile mihugu na mizeituni-mwitu. Alfajiri, hasa baada ya usiku wa baridi usio na upepo, ukungu hutanda baina ya makazi na msitu huo.

Mandhari ya aina hii hupendwa sana na watunzi wa insha na hadithi fupi. Aghalabu huelezwa kwa sentensi moja iliyozoeleka: kwamba ukungu mzito ulikuwa umetanda kote. Sentensi hiyo haina kosa la kisarufi. Tatizo lake ni kwamba inaufuta msitu. Msomaji akiisha kuambiwa kwamba ukungu umetanda kote, hana tena karibu wala mbali, mbele wala nyuma. Amewekewa pazia jeupe, na kila mti utakaotajwa baadaye utaonekana kana kwamba umebandikwa juu ya pazia hilo.

Makala haya yananuia kueleza namna ya kuuelezea ukungu wa alfajiri msituni huku tabaka za umbali zikiendelea kuonekana nyuma yake. Hoja ya msingi ni moja: ukungu wa namna hiyo haufichi bali hufifisha, na Kiswahili kina nyenzo za kisarufi na za kimsamiati za kutofautisha mambo hayo mawili. Kwanza yataelezwa yale yanayotendeka hewani, kisha nyenzo za lugha, na hatimaye kifungu kimoja kitachanganuliwa na kuandikwa upya.

Ukungu hufanya nini hewani?

Ukungu ni matone madogo mno ya maji yanayoelea hewani. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake upesi. Hewa iliyo karibu nayo hupoa, na mvuke uliomo hugeuka kuwa matone. Kwa kuwa hewa baridi ni nzito, huteremka na kukusanyika mabondeni. Ndiyo sababu ukungu wa alfajiri huanzia chini, kando ya mito na kwenye mabonde, wala haushuki kutoka juu kama wengi wanavyoandika.

Wataalamu wa hali ya hewa hupima ukungu kwa umbali ambao jicho linaweza kufika. Kwa kipimo cha kimataifa, umbali huo ukiwa chini ya kilomita 1, hali hiyo huitwa ukungu kamili. Ukifika kilomita 1 au zaidi, huwa ni ukungu mwepesi. Jambo la maana kwa mtunzi ni jinsi uwezo wa kuona unavyopungua kabla ya kufika kwenye mpaka huo. Mwaka 1924 mwanasayansi Mjerumani Harald Koschmieder alionyesha kwamba kadiri kitu cheusi kinavyokuwa mbali ndivyo weusi wake unavyomezwa na weupe wa hewa iliyo kati, na kwamba hupungua kwa kiasi kinachoweza kukokotolewa. Kwa kawaida huchukuliwa kwamba utofauti wa kitu na anga iliyo nyuma yake ukibaki asilimia 2 tu, jicho haliwezi tena kukitambua.

Ichukuliwe mathalani kwamba jicho linaweza kufika mita 1,000. Mti ulio umbali wa mita 100 utakuwa umebakiwa na thuluthi mbili hivi za utofauti wake. Ulio mita 300 utabakiwa na thuluthi moja hivi. Ulio mita 600 utabakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo ukungu uleule mmoja, bila kuongezeka wala kupungua, unazaa tabaka tatu zilizo wazi: ya karibu iliyo nyeusi, ya kati iliyo kijivu, na ya mbali inayokaribia kuwa kivuli. Hali hubadilika jicho likiweza kufika mita 200 tu. Hapo mti wa mita 100 hubakiwa na kama sehemu moja ya saba, na ule wa mita 300 haupo kabisa. Jicho likifika kilomita 5, mti wa mita 300 huwa karibu mweusi kama ule wa mita 100, na tabaka hazitengani tena.

Kutokana na hesabu hiyo, yabainika kwamba tabaka huonekana vizuri zaidi katika hali ya kati, wakati ukungu si mzito mno wala si mwepesi mno. Mtunzi anayeandika "ukungu mzito" kisha akataja safu tatu za miti amejipinga mwenyewe, hata kama msomaji hatajua kueleza ni kwa nini hakuamini.

Liko jambo jingine la kuzingatiwa. Vitu havifififii kwa pamoja. Kwanza hupotea vitu vidogo, yaani majani na nyufa za gome. Kisha hupotea rangi. Kijani hugeuka kuwa kijivu. Mwisho hubaki umbo tu, na umbo nalo likipotea hubaki mstari wa vilele. Anayetaja majani ya kijani kibichi katika safu ya mbali amemsogeza msomaji hadi penye safu hiyo bila kukusudia.

Ukungu, umande na moshi

Kabla ya kufika kwenye sarufi, yafaa maneno matatu yatenganishwe, kwani huchanganywa mara kwa mara.

Ukungu, ambao baadhi ya wasemaji huuita kungugu, uko hewani, kati ya jicho na kitu. Umande uko juu ya kitu chenyewe. Paa za mabati za Soweto West hupoa upesi usiku, na mvuke wa hewani hugeuka kuwa maji juu yake. Alfajiri maji hayo huchuruzika na kudondoka ilhali hakuna mvua iliyonyesha. Basi umande huonekana karibu tu. Ukitajwa, unamweka msomaji mahali anapoweza kunyosha mkono na kugusa. Hilo hulifanya neno umande kuwa alama nzuri ya tabaka ya mbele, na alama mbaya ya tabaka nyingine yoyote.

Moshi wa makaa na wa kuni, ambao huinuka kutoka majikoni saa hiyohiyo, ni jambo la tatu. Asubuhi yenye baridi, hewa iliyo juu huwa na joto kuliko iliyo chini, kwa hiyo moshi hushindwa kupanda na hujitandaza kama dari juu ya paa. Chembe za moshi ni ndogo kuliko matone ya ukungu, nazo hutawanya zaidi mwanga wa buluu; ndiyo maana moshi ukiwa mbele ya miti myeusi huonekana wa buluu, na ukiwa mbele ya anga nyeupe huonekana wa hudhurungi. Ukungu hubaki mweupe au kijivu. Anayesimama katika makazi na kuutazama msitu huona yote mawili: kwanza utando wa moshi, halafu ukungu. Kuyaita yote "ukungu" ni kupoteza tabaka moja nzima ambayo mandhari imeitoa bila gharama.

Aidha kuna neno utusitusi, ambalo si ukungu wala moshi bali ni uhaba wa mwanga. Nairobi iko karibu na ikweta, hivyo mapambazuko yake ni mafupi: muda wa kutosha kuona vitu kabla jua halijachomoza huwa dakika ishirini na kitu tu. Utusitusi hupunguza uwezo wa kuona vitu vya karibu na vya mbali kwa pamoja, ilhali ukungu huvipunguza kwa kufuata umbali. Mtunzi anayetaka tabaka zionekane hana budi kusubiri utusitusi upungue kwanza.

Nyenzo za lugha

Nyenzo ya kwanza ni kitenzi. Vitenzi vinavyotumiwa zaidi pamoja na ukungu ni vya kufunika: tanda, funika, gubika, ficha, meza. Hivi huonyesha tendo lililokamilika, kilichofunikwa kimefunikwa. Kundi la pili ni la kufifisha: fifia, fifisha, pauka, zama, yeyuka, pungua. Vitenzi hivi vina daraja, na huruhusu viambajengo kama "kidogo", "zaidi" na "karibu kabisa". Mti unaweza kufifia kidogo na mwingine ukafifia zaidi. Ni vigumu kusema mti umegubikwa kidogo kuliko mwingine. Si lazima kundi la kwanza litupwe, lakini litumiwe pale tu ambapo mtunzi anataka kitu kipotee kweli.

Nyenzo ya pili ni ngeli ya mahali, ambayo lugha nyingi hazina. Kiswahili hugawa mahali katika PA, KU na MU. PA ni mahali mahususi, penye mpaka unaojulikana. MU ni ndani ya kitu. KU ni mahali pasipo bayana, au upande fulani kwa jumla. Mgawanyo huu unalingana kwa namna ya ajabu na tabaka za ukungu. Tabaka ya mbele ni mahali mahususi: pale penye mti, hapo palipolowa. Tabaka ya kati ni ndani ya msitu: mle mlimosongamana vigogo. Tabaka ya mbali ni upande usio dhahiri: kule kulikoishia miti. Upatanisho wa kisarufi huendelea kumkumbusha msomaji alipo hata bila mtunzi kurudia maneno "karibu" na "mbali". Kinyume chake, anayeandika "pale mbali kabisa palipofifia" amempa msomaji mahali mahususi kwa mkono mmoja na kumpokonya kwa mkono mwingine.

Nyenzo ya tatu ni urudufishaji wa vivumishi. Katika Kiswahili, kukirudia kivumishi cha rangi mara nyingi hupunguza nguvu yake: kitu cheusicheusi si cheusi hasa, bali kina weusi uliopungua. Hivyo tabaka ya karibu inaweza kuwa na vigogo vyeusi, ya kati vigogo vyeusivyeusi, na ya mbali ikawa kijivu tupu. Hatua tatu za rangi zimepatikana bila kutafuta tashbihi yoyote.

Nyenzo ya nne inahusu mwendo. Ukungu unaoelea husogea, ilhali miti haisogei. Hitilafu ya kawaida ni kuipa miti matendo ya ukungu: miti ikatokea, ikapotea, ikarudi. Msomaji huona msitu unaocheza ngoma. Yafaa kitenzi cha mwendo kiwe cha ukungu, na miti ipewe vitenzi vya hali. Umbo la -likuwa likifuatwa na -ki- hufaa kwa mwendo usiokatika: ukungu ulikuwa ukiambaa, ulikuwa ukitambaa. Upewe pia mwelekeo, yaani unakotoka na unakokwenda, kwa sababu ukungu usio na mwelekeo hauwezi kupita mbele ya kitu.

Hapa pana kanuni moja ambayo haivunjiki. Ukungu ukipita kati ya mtazamaji na tabaka ya kati, tabaka ya mbali nayo lazima ififie, tena zaidi, kwa kuwa iko nyuma ya ukungu huohuo. Ukipita kati ya tabaka ya kati na ya mbali, ni ya mbali pekee itakayofifia. Kwa hiyo mtunzi anaweza kumwonyesha msomaji ukungu ulipo bila kusema ulipo, kwa kutaja tu kilichofifia na kilichobaki. Anayeandika kwamba miti ya kati ilipotea huku ya nyuma yake ikionekana wazi amevunja kanuni hiyo.

Kuna hali moja inayoonekana kana kwamba ni kinyume cha kanuni. Vilima vya Ngong viko mbali sana nyuma ya msitu, na kilele chake kirefu kinafika mita 2,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukungu wa bondeni ukiwa na kina kifupi, mtu aliye penye mwinuko anaweza kuviona vilima hivyo juu ya msitu uliozama nusu. Hapo mstari wa macho haukupita ndani ya ukungu bali juu yake. Mtunzi anayetaka kuvitaja vilima hana budi kwanza kusema ukungu unaishia wapi kwa juu, la sivyo vilima vitaonekana kama kosa.

Mwanga unatoka upande gani?

Anayeutazama msitu huo kutoka Soweto West ameelekea magharibi, na jua linachomoza mgongoni mwake. Jambo hili hubadilisha maelezo yote. Matone ya ukungu husukuma mwanga mwingi mbele, katika mwelekeo uleule uliokuwa ukienda. Kwa hiyo ukungu ulio kati ya mtazamaji na jua hung'aa mno, na miti huwa vivuli vyeusi visivyo na rangi. Ukungu ulio upande wa pili wa jua hauna mng'ao mkali, na miti ya karibu hubaki na rangi zake. Maelezo ya miale inayopenya kati ya vigogo, ambayo hupatikana karibu katika kila insha, ni ya mtu anayetazama mashariki. Kwa mtazamaji wa Soweto West miale hiyo haipo mbele yake.

Anachokiona ni kingine. Jua huzigusa kwanza ncha za miti mirefu, kisha mwanga hushuka polepole kwenye vigogo. Ukungu uliofikiwa na jua huwa mweupe au wenye manjano kidogo, na ule ulio bado kivulini huwa wa buluu-kijivu. Mpaka wa mwanga na kivuli hukata tabaka zote kwa mlalo, na hivyo huwa kipimo kingine cha kina.

Majira nayo yaangaliwe. Miezi ya Juni hadi Agosti, asubuhi nyingi za Nairobi huwa na mawingu ya chini yasiyo na ufa. Mwanga siku hizo hauna upande. Hakuna ncha inayoguswa kwanza wala kivuli kinachoshuka. Hadithi inayotukia mwezi wa Julai hutegemea weusi na ukijivu pekee ili kutenganisha tabaka.

Kifungu kimoja na marekebisho yake

Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa mfano wa vile vinavyopatikana katika insha:

"Ukungu mzito ulikuwa umetanda kote. Miti ya kijani kibichi ilisimama kwa madaha, majani yake yakimeremeta kwa umande. Pale mbali miti mingine ilitokea na kutoweka. Miale ya jua ilipenya. Rehema alimwona jirani yake akitoka msituni akiwa na uso wa hofu."

Sentensi ya kwanza imefuta kila kitu. Ya pili imerudisha kijani na umande, yaani mambo ya karibu sana, bila kusema ni ya karibu. Ya tatu imetumia "pale" kwa mahali pasipo bayana na kuifanya miti isogee. Ya nne imeleta miale ya upande usiofaa. Ya tano ndiyo inayoathirika zaidi. Hadithi nzima inategemea kwamba Rehema alimtambua jirani yake na kuona hofu usoni mwake. Ikiwa ukungu ulikuwa mzito na kote, hakumwona. Ikiwa alimwona, alikuwa karibu kiasi gani? Wengi huvuka kandokando ya msitu huo kabla jua halijapanda, wakielekea kazini Lang'ata na Karen, na kila mmoja anajua kwamba mtu aliye mbali katika ukungu ni umbo tu, tena halijulikani ni la mwanamume au la mwanamke. Ushahidi wa Rehema umetegemea maneno ya mtunzi kuhusu hewa, nayo hayawezi kuubeba.

Kifungu hicho kinaweza kuandikwa hivi:

"Penye ukingo wa njia ulisimama mkalitusi mmoja, gome lake limebambuka vipande vipande, matone yakidondoka kutoka ncha za majani. Nyuma yake, mle mlimosongamana miti, vigogo vilikuwa vyeusivyeusi na vyembamba kama fito. Matawi yake hayakuhesabika. Zaidi ya hapo, kule kulikoishia msitu, hakukuwa na mti wala tawi bali mstari wa kijivu uliopanda na kushuka. Ukungu ulikuwa ukiambaa kutoka bondeni, upande wa kushoto. Ulipopita nyuma ya mkalitusi, mstari wa kijivu ulipotea kwanza, kisha vile vigogo vikafifia kimoja baada ya kingine, mkalitusi haukubadilika. Mle mwenye vigogo palikuwa na kimoja kilichokuwa kifupi kuliko vyote, na Rehema akakitazama. Kilikuwa kikija. Hakukijua mpaka kilipofika penye mkalitusi, nacho kikawa na uso, na uso ukawa wa jirani yake."

Tabaka ya kwanza imepewa PA, gome na matone. Ya pili imepewa MU, weusi uliopungua, na imenyimwa matawi. Ya tatu imepewa KU na kubakiwa na mstari tu. Ukungu umepewa mwelekeo, na kwa kuwa mstari na vigogo vimefifia ilhali mkalitusi umebaki, msomaji anajua umepita katikati. Mtu naye amepita katika tabaka hizohizo: mwanzo ni kigogo kifupi, mwisho ni uso. Ngeli ya KI-VI imemshikilia katika hali ya kitu hadi anapotambuliwa. Sasa Rehema anaweza kuaminiwa, kwa sababu msomaji ameona alipomtambua na ameona kwamba kabla ya hapo hangeweza.

Sehemu moja katika kifungu hicho ingali na utata. Baada ya "mle mwenye vigogo" limefuata "palikuwa", ambalo ni la PA. Upatanisho mkamilifu wa MU ungekuwa "mlikuwa na kimoja", lakini umbo hilo huweza kuchanganywa na nafsi ya pili wingi. Watunzi wengi hukwepa utata huo kwa kutumia PA, na msomaji huelewa. Palipo na nafasi, ni bora sentensi igeuzwe: "Kimoja kati ya vile vigogo kilikuwa kifupi kuliko vyote." Tabaka haipotei, na upatanisho haulegei.

Namna ya kujikagua

Kifungu kilichoandikwa kinaweza kujaribiwa kwa njia nyepesi. Mtu mwingine akisomewe mara moja, kisha aombwe kuchora mistari ya miti kwenye karatasi, ya mbele chini na ya nyuma juu. Akichora mistari mitatu, tabaka zimeonekana. Akichora mmoja, au akiuliza miti ya pili iko wapi, ukungu umeficha badala ya kufifisha. Halafu aulizwe ukungu ulikuwa baina ya mistari ipi. Asipojua, ukungu haukupewa mwelekeo, au kilichofifia hakikutajwa kwa mpangilio.

Jaribio hilo lina mipaka. Iko mandhari ambayo hufichwa kweli, na mhusika anayepotea njia katika ukungu wa mita 50 hahitaji tabaka. Anahitaji vitenzi vya kufunika, na msomaji apotee pamoja naye. Vilevile, maelezo ya tabaka tatu huchukua sentensi kadhaa, na hadithi inayokimbia huenda isiwe na nafasi hiyo. Katika hali hiyo tabaka mbili zatosha: kimoja cha karibu chenye umande, kimoja cha mbali kisicho na rangi, na ukungu uitwe kati yake.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba ukungu wa alfajiri huupunguza utofauti wa vitu kwa kufuata umbali, na kwamba kupungua huko ndiko kunakozaa tabaka. Vitenzi vya kufifisha, ngeli za PA, MU na KU, urudufishaji wa vivumishi vya rangi na mwelekeo wa mwendo humwezesha mtunzi kuhifadhi tabaka hizo. Upande wa mwanga na majira humzuia kuazima miale ambayo mtazamaji wake hawezi kuiona. Anayesimama Soweto West akaelekeza uso magharibi ana moshi mbele yake, ukungu nyuma ya moshi, na msitu ndani ya ukungu. Sentensi inayosema kwamba ukungu ulitanda kote inamnyang'anya vyote vitatu.